Tipa ya 4x2 au 6x4: ipi itatoka timboni na mzigo wake?

Ukiingia yadi ya malori yaliyotumika hapa Mombasa, jambo la kwanza utakaloambiwa ni farasi. "Bosi wangu, chukua hii ya 350, hakuna mlima utakaoikataa." Kando yake imesimama tipa ndogo ya farasi 230, na bei yake iko chini sana. Mnunuzi anayebeba mawe kutoka timbo la upande wa Mazeras anaangalia namba hizo mbili na kuona kama jibu liko wazi. Haliko wazi, na kwa sehemu kubwa farasi siyo wanaoamua.

Tuyachukue malori mawili ya mfano, yenye vipimo vya kawaida kwa aina zake, tuyapandishe njia moja ya kutoka shimoni: tipa ndogo ya 4x2, yaani magurudumu manne na mawili ndiyo yanayovuta, na tipa kubwa ya 6x4, magurudumu sita na manne ndiyo yanayovuta. Njia ina mwinuko wa asilimia 12, yaani kila mita 100 unazosonga mbele unapanda mita 12. Chini ni murram iliyochanganyika na vipande vya mawe.

| | Tipa ya 4x2 | Tipa ya 6x4 |
|---|---|---|
| Uzito bila mzigo | tani 6 | tani 10 |
| Mzigo | tani 10 | tani 15 |
| Uzito wote | tani 16 | tani 25 |
| Injini | 170 kW (farasi 230) | 257 kW (farasi 350) |
| Torki ya juu | 700 Nm | 1,400 Nm |
| Uwiano wa gia ya kwanza, kisha wa difu | 6.7 na 5.1 | 11 na 4.5 |
| Uzito ulio juu ya magurudumu yanayovuta | tani 10 | tani 18 |

Kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi chini tukihesabu nusu mita kwa yote mawili.

Kinachoivuta lori nyuma

Lori linalopanda polepole linapambana na vitu viwili. Cha kwanza ni uzito wake wenyewe unaotaka kurudi chini. Kwa mwinuko wa asilimia 12, uzito huo unarudisha nyuma kwa nguvu ya takriban asilimia 12 ya uzito wote. Hesabu kamili hutumia sini ya pembe, lakini kwa mwinuko huu tofauti haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo asilimia yenyewe inatosha.

Cha pili ni ukinzani wa kubingirika: tairi inajikunja inapogusa chini, na ardhi nayo inabonyea, na kila mkunjo unakula nguvu. Kwenye lami nzuri ukinzani huo ni karibu 0.01 ya uzito. Kwenye murram ngumu ni 0.02. Kwenye murram yenye mawe yaliyolegea ni 0.03, na mvua ikishalainisha udongo hufika 0.05 na zaidi. Mchanga mkavu wa ufuoni unaweza kuvuka 0.1, na ndiyo sababu lori linaweza kukwama Shanzu mahali ambapo hakuna kilima chochote.

Upepo unaweza kuuacha. Kwenye kilomita 20 kwa saa, kusukuma hewa kunamgharimu tipa kama newtoni 90, ambazo ni kidogo mno mbele ya maelfu tunayoyazungumzia. Upepo unakuwa na maana lori likifika kilomita 50 na kuendelea.

Jumla inaandikwa hivi:

```
F = m × 9.81 × (mwinuko + ukinzani)
P = F × v ÷ 0.85
```

`F` ni nguvu ya kuvuta kwa newtoni, `m` ni uzito wote kwa kilo, `v` ni mwendo kwa mita kwa sekunde, na `P` ni pawa ya injini kwa wati. Ile 0.85 ni kwa sababu giaboksi, propela shafti na difu hula karibu asilimia 15 ya pawa kabla haijafika kwenye tairi. Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kuingiza mwendo kwa kilomita kwa saa bila kugawanya kwa 3.6. Ukipata jibu la kilowati mia kadhaa kwa mwendo wa kutembea, kosa liko hapo.

Sasa tuingize namba za kiangazi, ukinzani ukiwa 0.03. Mwinuko na ukinzani pamoja ni 0.15.

Tipa ndogo: 16,000 × 9.81 × 0.15 ni newtoni 23,500, au kilonewtoni 23.5. Ukitaka ipande kwa kilomita 10 kwa saa, ambayo ni mita 2.78 kwa sekunde, tairi zinahitaji kilowati 65, na injini itoe 77.

Tipa kubwa: 25,000 × 9.81 × 0.15 ni kilonewtoni 36.8. Kwa mwendo uleule tairi zinahitaji kilowati 102, injini itoe 120.

Injini ndogo ina 170 na inatakiwa 77. Kubwa ina 257 na inatakiwa 120. Zote zina akiba zaidi ya mara mbili. Ukigeuza swali na kuuliza pawa yote ingeweza kupandisha lori kwa mwendo gani, ndogo inapata kilomita 22 kwa saa na kubwa inapata 21. Kubwa, yenye farasi 120 zaidi, iko nyuma kidogo.

Sababu ni kwamba pawa haina maana mpaka uigawanye kwa tani inazobeba. Ndogo ina kilowati 10.6 kwa kila tani ya uzito wote, kubwa ina 10.3. Mwuzaji akikutajia farasi, mwulize lori likishajaa lina uzito gani, kisha gawanya mwenyewe. Malori mawili yenye jibu moja hapo yatapanda mlima mmoja kwa mwendo unaokaribiana, kama gia zao zinaruhusu. Na hapo kwenye gia ndipo yanapoanza kuachana.

Gia: pawa ipo, lakini hakuna pa kuitumia

Pawa ya injini inapatikana kwenye mizunguko fulani tu. Gia ndizo zinazoamua kama mizunguko hiyo italingana na mwendo ambao mlima unakubali. Nguvu ya kuvuta kwenye tairi kwa gia yoyote ni hii:

```
F = torki × gia × difu × 0.85 ÷ nusu kipenyo cha gurudumu
```

Kwa tipa ndogo kwenye gia ya kwanza: 700 × 6.7 × 5.1 × 0.85 ÷ 0.5, ambayo ni kilonewtoni 40.7. Mlima unataka 23.5. Hakuna shida, hata kuanza upya katikati ya kilima inaweza, kwa kuwa kuanza kunahitaji ziada kidogo ya kulisukuma lori litoke kwenye kusimama.

Gia ya pili ya lori hili ni 3.8. Weka 3.8 mahali pa 6.7 na unapata kilonewtoni 23.1. Mlima unataka 23.5. Pungufu ni ndogo kiasi kwamba dereva haioni pale anapobadilisha gia. Lori linaendelea kwa kasi iliyobaki, mizunguko inashuka taratibu, 1,800, 1,600, 1,400, halafu injini inaanza kutetemeka na inabidi kushika klachi katikati ya mlima na tani 10 za mawe nyuma. Kule kuondoka tena kwa kuibana klachi nusu ndiko kunakoichoma. Dereva anayesema "hii gari haina nguvu" huwa anaelezea nafasi iliyopo kati ya gia ya kwanza na ya pili, wala siyo injini.

Kwa hiyo tipa ndogo itapanda kwa gia ya kwanza mpaka juu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, gia ya kwanza inatoa kilomita 13.8 kwa saa. Hesabu ya pawa ilisema 22. Hizo kilomita nane zilizopotea zimo ndani ya injini, ila giaboksi haina gia ya kuzitoa.

Tipa kubwa ina gia nyingi zilizokaribiana: 11, 8.2, 6.1, 4.5, 3.4 na kuendelea. Kwenye ile ya 3.4 inavuta kilonewtoni 36.4, pungufu kidogo ya 36.8 inayotakiwa, kwa hiyo nayo haiwezi kushikilia. Lakini iliyo chini yake, 4.5, inavuta 48, na kwenye mizunguko 1,900 inakwenda kilomita 17.7 kwa saa. Hatua kati ya gia na gia ni ndogo, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo.

Je, tofauti hiyo ina uzito kwenye biashara? Njia ya kutoka timboni ikiwa na mita 200, ndogo inatumia sekunde 52, kubwa sekunde 41. Sekunde 11 kwa safari moja. Kupakia peke yake kunachukua muda usiolinganishwa na huo. Hapa ndogo haijashindwa bado.

Kabla hujanunua, hakikisha difu iliyoko chini ya lori ndiyo iliyoandikwa. Malori yaliyotumika hubadilishiwa difu, na mwenye lori wa mwisho wakati mwingine hajui. Tafuta gia ya moja kwa moja, ile ambayo mzunguko mmoja wa injini ni mzunguko mmoja wa propela. Kwenye giaboksi nyingi za gia sita huwa ya tano au ya sita, na kitabu cha lori kitakueleza. Endesha kwenye barabara tambarare, shikilia mizunguko 1,500, na usome mwendo kwenye simu ya abiria. Kwa difu ya 5.1 na gurudumu la nusu mita utasoma karibu kilomita 55 kwa saa. Ukisoma 70, difu ni karibu 4, imewekwa kwa ajili ya kukimbia barabara kuu. Lori hilo, hata kwa gia ya kwanza, litakuwa limepoteza moja ya tano ya nguvu yake ya kuvuta, na hakuna farasi wa kuirudisha.

Mvua ikinyesha ndipo malori yanapoachana

Mpaka hapa tumedhani tairi zinashika. Masika yakifika, kati ya Machi na Juni, na Mei ikiwa ndiyo yenye mvua nyingi zaidi pwani, vumbi la mawe kwenye njia ya timbo linakuwa uji. Mambo mawili yanabadilika kwa wakati mmoja: ukinzani unapanda kutoka 0.03 hadi 0.05 kwa sababu tairi zinazama, na mshiko wa tairi unashuka. Murram kavu inaweza kutoa mshiko wa 0.5 na zaidi, yaani kilo moja inayobonyeza tairi inakupa nusu kilo ya kuvuta. Ikiwa na tope juu, chukua 0.25 kama namba ya kupangia kazi.

Kinachohesabiwa hapa ni uzito ulio juu ya magurudumu yanayovuta peke yake. Magurudumu ya mbele yanabeba uzito lakini hayasaidii kupanda. Na ukiandika hesabu yake utaona jambo zuri: uzito wa lori unajifuta juu na chini, na kinachobaki ni hiki.

```
mshiko unaotakiwa = (mwinuko + ukinzani) ÷ sehemu ya uzito iliyo kwenye magurudumu yanayovuta
```

Tipa ndogo ina tani 10 kati ya 16 nyuma, ambayo ni 0.625. Kwa hiyo inahitaji 0.17 ÷ 0.625, sawa na 0.27. Ardhi inatoa 0.25. Inateleza.

Tipa kubwa ina tani 18 kati ya 25, ambayo ni 0.72. Inahitaji 0.17 ÷ 0.72, sawa na 0.24. Inapita, kwa ukucha.

Angalia kwamba injini haikutajwa kabisa katika hesabu hii. Ungeiondoa injini ya tipa ndogo na kuweka ya farasi 400, ingeteleza palepale, tena ingechimba shimo haraka zaidi. Namna ya kutambua ni rahisi ukisimama kando ya njia. Lori lililoishiwa nguvu, injini inashuka sauti na tairi zinasimama. Lililoishiwa mshiko, injini inapanda sauti, tairi moja ya nyuma inazunguka na kurusha tope, na mwenzake upande wa pili ametulia tuli. Huyo aliyetulia ndiye anayekuonyesha tatizo jingine: difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa pande zote, na upande wenye mshiko mdogo ndio unaoweka kikomo kwa wote wawili. Ukiwa na 0.25 upande wa kulia na 0.15 upande wa kushoto kwa sababu tairi imekanyaga tope la mtaro, lori zima linavuta kama lenye 0.15. Kwa hiyo loki ya difu, ile inayofunga tairi za pande zote mbili zizunguke pamoja, ni kitu cha kukagua kama inafanya kazi kabla ya kuuliza farasi. Ibonyeze lori likiwa limesimama au likitambaa kwenye udongo laini, taa iwake, kisha ujaribu kukata kona polepole sana: usukani utakuwa mzito na lori litataka kwenda moja kwa moja. Usipoona hivyo, taa inawaka lakini loki haishiki. Iondoe ukifika juu, kabla ya lami, kwa sababu kona moja kwenye lami kavu ikiwa imefungwa inatosha kuvunja shafti ya nyuma.

Hesabu hii imeacha nje mambo mawili yanayosaidia lori. Kilima chenyewe kinahamishia uzito nyuma. Kwa tipa ndogo kwenye asilimia 12 ni kama kilo 700, na zikiongezwa, mshiko unaotakiwa unashuka kutoka 0.27 hadi karibu 0.25. Pia ukinzani wa magurudumu yale yanayovuta hauombi mshiko wa ardhi, unamalizwa na injini moja kwa moja. Tumeyaacha kwa makusudi. Namba ya tope si ya kutegemea kwa kiasi hicho, na difu isiyofungwa inaweza kula akiba yote hiyo kwa tairi moja iliyokanyaga vibaya.

Kuna jaribu ambalo wenye malori wengi huliangukia hapa. Ukiijaza tipa ndogo tani 14 badala ya 10, uzito ulioongezeka unakaa karibu wote juu ya ekseli ya nyuma, sehemu yake inapanda hadi kama 0.68, na lori linashika vizuri zaidi ya lilivyoshika likiwa na mzigo halali. Gia ya kwanza nayo bado inatosha: mlima wa kiangazi unataka kilonewtoni 29.4 na ipo 40.7. Dereva anasema, gari limepanda. Limepanda kweli. Lakini shafti za nyuma sasa zinabeba mkunjo usiokusudiwa kila siku, na kutoka Mazeras kuja mjini barabara inateremka na mzigo huo uko nyuma ya breki zilizotengenezwa kwa tani 10. Kuweza kupanda hakuna uhusiano wowote na kuweza kusimama.

Kwenye lami

Hapa pa kupita haraka. Tuseme lori linarudi na mzigo wa saruji kutoka mjini na kukutana na kipande cha lami chenye mwinuko wa asilimia 5. Ukinzani ni 0.01, jumla 0.06, na sasa tunaongeza upepo, kama newtoni 600. Pawa yote ikitumika, ndogo inashikilia kilomita 52 kwa saa, kubwa 51. Kwa macho ya dereva ni sawasawa. Gia za ndogo zinaweza kumshusha zaidi kama hakuna inayoangukia mwendo huo, lakini mshiko hapa si hoja: kwenye lami, hata yenye maji, upo mwingi kuliko unaotakiwa.

Kwa dizeli, ukitazama kazi ya kupandisha peke yake, ndogo inapandisha tani 1.6 za uzito wote kwa kila tani ya mawe unayouza. Kubwa inapandisha tani 1.67, kwa sababu ekseli ya ziada na chasi nzito zinapanda nazo kila safari. Tofauti ni ndogo, lakini iko upande wa ndogo. Kubwa inajilipa kwingine: tani 60 za mawe ni safari 4 kwake, na safari 6 kwa ndogo.

Kupima njia yako mwenyewe

Namba za juu ni za timbo la mfano. Lako linapimwa kwa vitu vilivyopo tayari.

Mwinuko upime kwa mpira wa maji, uleule ambao mafundi wa ujenzi wanautumia kusawazisha msingi. Tafuta mita 10 zenye kupanda kwa ukali zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu urefu wa lori unakaribia huo na lori zima litakuwa juu ya kipande hicho kwa wakati mmoja. Shika ncha moja juu na nyingine chini, ngoja maji yatulie, pima tofauti ya kimo. Mita 1.2 kwa mita 10 za ulalo ni asilimia 12. Usitegemee wastani wa njia nzima. Njia yenye wastani wa asilimia 9 inaweza kuwa na kipande cha 15 kwenye kona, na ni pale litakapokwama.

Ukinzani upime kwa lori lenyewe. Kwenye sehemu tambarare ya udongo uleule, isiyo na watu wala magari, fika kilomita 20 kwa saa, weka gia huru, na uache lori libingirike mpaka lisimame bila kugusa breki. Pima umbali kwa mita, kisha gawanya 1.57 kwa umbali huo. Likisimama baada ya mita 52, ukinzani ni 0.03. Likisimama baada ya mita 31, ni 0.05. Rudia ukielekea upande wa pili na uchukue wastani, maana mahali panapoonekana tambarare kwa macho huwa na mteremko mdogo unaodanganya. Ukipata 0.03 kwenye murram ambayo wenzako wanapata 0.02, pima upepo wa tairi kabla ya kulaumu barabara, na ushike kila kitovu cha gurudumu kwa mkono: kilicho moto kuliko wenzake kina breki inayoburura.

Injini iliyotumika ikatie asilimia 10 hadi 15 ya pawa iliyoandikwa kwenye kibati. Chujio la hewa lililojaa vumbi la timbo linaweza kula zaidi ya hapo, na dalili yake ni moshi mweusi unaotoka lori linapovuta mzigo, ilhali likiwa tupu linaonekana zima. Kupanda polepole kwa mizunguko ya juu kunaitesa rejeta pia, kwa kuwa hakuna upepo wa mwendo, feni peke yake ndiyo inayopoza. Kama mkono wa joto unapanda kila safari ya tatu au ya nne na kushuka lori likisimama, safisha mapezi ya rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, uyaondoe mavumbi jinsi yalivyoingia.

Ipi, basi

Kwa timbo lenye njia ya asilimia 12 ambayo lazima ifanye kazi mwaka mzima, chukua 6x4. Sababu ni ile 0.72 ya uzito nyuma, na ukaribu wa gia zake. Farasi 350 zinatosha tu kuubeba uzito wake mwenyewe. Kama unachimba miezi ya ukavu na kusimama masika, 4x2 inatosha, kwa sharti dereva abaki gia ya kwanza mpaka juu.

Lakini kabla ya kulipa tofauti ya bei, uliza kwanza kama njia yenyewe inaweza kubadilishwa. Shimo lenye kina cha mita 12 linahitaji njia ya mita 100 ili kutoka kwa asilimia 12. Ukiirefusha iwe mita 133, mwinuko unashuka hadi asilimia 9. Rudia hesabu za tipa ndogo. Kwenye tope: 0.14 ÷ 0.625 ni 0.22, na ardhi inatoa 0.25, kwa hiyo inashika. Kiangazi: mlima sasa unataka kilonewtoni 18.8, na gia ya pili inavuta 23.1, kwa hiyo ile gia iliyokuwa ikimwangusha dereva katikati ya njia inampandisha kwa kilomita 24 kwa saa. Ni mita 33 za kuchonga, kazi ya eskaveta ambayo huenda tayari iko timboni ikipakia, na mtaro wa kando uchimbwe siku hiyohiyo ili maji ya mvua yasiifanye njia mpya kuwa mto.